Oda ikiongezeka, usiombe kuhurumiwa bei, peleka hesabu

Vijana wengi tunaouza bidhaa ndogo ndogo mtaani tuna kosa moja linalofanana. Oda zinapanda, wateja wanaongezeka, lakini bei tunayonunulia kwa msambazaji inabaki pale pale tulipoanzia. Siku tukichoka tunamwendea na maneno yale yale: "Bosi, si unipunguzie kidogo? Mimi ni kasitoma wako wa siku nyingi." Naye anatabasamu, anasema atatuangalia, na mwezi unaisha bila kutuangalia.

Nimeyapitia haya nikiuza mayai. Nilianza na kreti 20 kwa wiki, nikiwauzia majirani na vibanda viwili vya chipsi. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nimefika kreti 60 kwa wiki, kwa sababu wauza mayai ya kuchemsha na vibanda vingine vitatu walijiunga. Bei ya kununua ilikuwa Sh360 kwa kreti, nami niliuza Sh400. Oda yangu ilikuwa imeongezeka mara tatu, lakini Sh360 haikusonga hata shilingi moja. Niliona ninaonewa. Leo nina maoni tofauti: sikuwa nimeonewa, nilikuwa sijampa mzee yule sababu yoyote ya kushusha bei.

Maoni yangu ni haya. Bei nafuu haitoki kwenye moyo mwema wa msambazaji. Inatoka kwenye gharama uliyomwondolea. Kama oda yako kubwa haimpunguzii gharama yoyote, kwake wewe bado ni wateja wadogo watatu waliovaa shati moja.

Niliielewa hoja hii kupitia dereva wake, wala si mzee mwenyewe. Kila asubuhi pikapu yao hutoka Kiambu na mayai ya wafugaji, inapita barabara ya Thika ikishusha kwa wateja. Siku moja nikimsaidia kushusha, dereva alilalamika kwamba mtaa wetu unamchosha. Barabara ya ndani ni mbovu, anapoteza karibu nusu saa, na mafuta yanaisha kwa kuingia na kutoka. Nikamuuliza, "Sasa kaka, kuingia huku kwangu pekee kunakula ngapi?" Akafikiria, akasema ukiweka mafuta na kijana wa kubeba, haipungui Sh300.

Usiku huo nilifungua daftari. Kreti zangu 60 nilikuwa nazichukua kwa awamu tano, kreti 12 kila awamu, kwa sababu nilikuwa nanunua kadiri pesa ilivyoingia. Awamu tano mara Sh300 ni Sh1,500 kila wiki. Mzee alikuwa anatumia Sh1,500 kunifikishia mayai 1,800, yaani Sh25 kwa kila kreti, na bado nilitaka anipunguzie. Kama ningechukua kreti 30 Jumatatu na 30 Alhamisi, gharama yake ingekuwa Sh600. Angeokoa Sh900 kwa wiki. Ukigawa kwa kreti 60, ni Sh15 kwa kila kreti.

Hapo ndipo nilipopata kitu cha kuzungumza. Sh15 zilikuwa zinapotea barabarani, si mfukoni mwake wala mwangu. Kazi yangu ilikuwa kumwonyesha zilipo, kisha tugawane.

Nilienda kumwona saa nane mchana, wakati pikapu imesharudi na hana haraka. Wengi wetu huanzisha mazungumzo ya bei asubuhi mayai yakishushwa, dereva akipiga honi, msambazaji akiongea na watu watatu kwa simu. Wakati kama huo jibu rahisi kwake ni hapana. Nilibeba vitu viwili tu. Cha kwanza ni stetimenti ya M-Pesa ya miezi mitatu, ikionyesha kila malipo niliyomtumia, tarehe na kiasi. Cha pili ni karatasi moja yenye hesabu ile ya awamu tano na awamu mbili.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja tuongee biashara, sikuja kuomba."

"Marahaba. Bei ni ile ile, kijana wangu. Chakula cha kuku kimepanda."

"Najua mzee. Sitaki upunguze faida yako. Nataka nikupunguzie safari."

Nilimweleza kwamba nitachukua kreti 30 kila Jumatatu na 30 kila Alhamisi, saa moja asubuhi, na nitakuwa na mtu wa kushusha ili kijana wake asiteremke. Niliomba Sh10 kwa kreti, na kumwachia Sh5. Hakubali mara moja mtu wa umri wake. Aliichukua karatasi, akaniuliza hiyo Sh300 nimeitoa wapi, akampigia dereva. Baada ya wiki moja alikubali. Kwangu ni Sh600 zaidi kila wiki kwa kazi ile ile, na kwake ni Sh300 ambazo hakuwa nazo.

Kuna jambo alilolisisitiza, na ninamshukuru kwa hilo. Alikataa kusema "bei yako ni Sh350." Alisema, "Bei yako ni shilingi 10 chini ya bei ya siku." Mayai hayakai bei moja. Chakula cha kuku kikipanda au mayai yakiadimika, bei ya kreti inaruka. Mayai yakijaa, inashuka. Kijana anayeng'ang'ania bei isiyobadilika anajitafutia mgogoro. Bei ikipanda, msambazaji ataanza kukupa visingizio, leo mayai hayapo, kesho gari limeharibika, huku akiwauzia wengine kwa bei mpya. Na bei ikishuka, wewe ndiye utaumia kwa kulipa Sh350 wakati jirani yako analipa Sh330. Mnapokubaliana tofauti badala ya bei, makubaliano yanadumu hata soko likiyumba. Muhimu ni mkubaliane pia bei ya siku inajulikanaje. Sisi tulikubali kuwa ni ile anayomuuzia mtu yeyote anayefika dukani kwake kununua kreti moja.

Sasa nije kwenye malipo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi huumia baada ya kushinda vita ya bei. Awali nilihitaji kuwa na Sh4,320 kila awamu, yaani kreti 12 kwa Sh360. Baada ya makubaliano mapya nilihitaji Sh10,500 kwa mkupuo, yaani kreti 30 kwa Sh350. Bei imeshuka, lakini pesa za kuanzia zimezidi mara mbili. Na vibanda vyangu vya chipsi havilipi siku ileile. Vinachukua mayai Jumatatu, vinalipa Alhamisi au Ijumaa vikishauza. Kwa hivyo nilikuwa nimenunua punguzo la bei kwa mtaji ambao sikuwa nao.

Ndiyo maana nasema, kabla ya kuomba muda wa kulipa, chora siku zako. Mayai yanaingia lini? Yanaisha lini? Pesa zinarudi lini? Pengo kati ya siku unayolipa na siku unayolipwa ndilo la kuzungumzia, si zaidi. Pengo langu lilikuwa siku tatu hadi nne, na halikuhusu kreti zote. Karibu nusu ya mayai huuzwa kwa pesa taslimu kwa majirani na wauza mayai ya kuchemsha. Nusu nyingine ndiyo huenda kwa vibanda. Basi kuomba mkopo wa mwezi mzima kungekuwa upuuzi, na pia kungemtisha mzee.

Nilingoja wiki sita kabla ya kulitaja. Usiombe bei na muda wa kulipa siku moja. Ukifanya hivyo, msambazaji hajui hasa shida yako ni nini, na anaona tu mtu anayetaka kila kitu. Katika wiki zile sita nilijikaza, nikakopa Sh5,000 kwa dadangu, na kuhakikisha kila Jumatatu na Alhamisi pesa za mzee zinafika kabla pikapu haijaondoka mtaani. Zile wiki sita ndizo zilizokuwa dhamana yangu.

Kisha nikamwomba hivi: nusu nilipe mayai yakishushwa, nusu nilipe pikapu ikija tena. Yaani Jumatatu nalipa Sh5,250, Alhamisi namalizia Sh5,250 za Jumatatu na kutoa Sh5,250 za siku hiyo. Nilimwahidi kwamba kama salio la awali halijalipwa, hata kreti moja isishuke. Kwa hiyo deni langu kwake haliwezi kuzidi Sh5,250 hata nikitoroka mji. Hesabu hiyo ndiyo iliyomtuliza. Msambazaji haogopi sana kukukopesha. Anaogopa deni linalokua bila yeye kujua litaishia wapi. Mpe kikomo, utashangaa.

Lakini tusidanganyane kuhusu maana ya mkopo huu. Ukiangalia vizuri, kuanzia Alhamisi ya kwanza bado natoa Sh10,500 kila pikapu ikija, kama zamani. Nilichopata ni Sh5,250 mara moja tu, zikibaki kwenye biashara muda wote makubaliano yakiendelea. Nilimrudishia dadangu pesa zake, basi. Nimewaona wenzangu wakipewa mpango kama huu, wiki ya kwanza wanajiona na pesa nyingi, wananunua simu, kisha wiki ya pili hawana cha kulipa salio. Pesa ya msambazaji iliyo mkononi mwako ni mayai, haijawa faida.

Tena mkopo una bei hata pale ambapo haujaandikwa riba. Msambazaji mwingine aliniambia bila kuficha: "Kesh ni 350, deni la wiki ni 360." Inasikika kama kitu kidogo, bob kumi tu. Hebu piga hesabu. Shilingi 10 juu ya 350 ni karibu asilimia 3, na hiyo ni kwa wiki moja. Ukirudia wiki nne, unalipa zaidi ya asilimia 11 kwa mwezi. Hazina ya Hasla iliyozinduliwa Novemba 2022 inatoza asilimia 8 kwa mwaka mzima. Kama unaweza kupata kiasi kile kwenye hazina hiyo, kwenye chama au kwa ndugu, lipa kesh na uchukue ile bei ya 350.

Je, kuna wakati deni la 360 linafaa? Ndiyo, lakini kwa mzigo wa ziada tu. Tuseme kibanda kipya kinataka kreti 10 zaidi na huna pesa za kuzinunua. Ukinunua kwa deni kwa Sh360 na kuuza kwa Sh400, unabaki na Sh40 kwa kreti ambazo vinginevyo usingezipata kabisa. Hapo chukua. Lakini usihamishe kreti zako zote 60 kwenda deni wakati 60 hizo ungeweza kuzilipia taslimu. Utakuwa umetupa Sh600 zile zile ulizozipigania.

Kuna mitego mingine miwili ambayo lazima niitaje, kwa sababu punguzo la bei linaweza kurudi kwa msambazaji kupitia mlango wa nyuma.

Wa kwanza ni ukubwa wa bidhaa. Mwezi mmoja baada ya kushushiwa bei, wateja wangu wa chipsi walianza kunung'unika kwamba mayai yamekuwa madogo. Nilidhani ni maneno ya wateja. Nikaazima mizani ya muuza nyama, nikapima kreti nne. Zote zilikuwa nyepesi kwa takriban gramu 150 kuliko nilizokuwa nimezoea. Yai la kawaida lina gramu kati ya 50 na 60, kwa hiyo ni kama nilikuwa nimenyimwa mayai karibu matatu kwa kila kreti. Kwa Sh350, mayai matatu ni Sh35. Nilipunguziwa Sh10 na kunyang'anywa Sh35. Nilipomweleza mzee, alisema wapakiaji wanachanganya mayai ya kuku wachanga walioanza kutaga juzi, na inawezekana hakujua. Sikubishana naye. Tuliongeza tu kwenye makubaliano kwamba kreti yangu haitapungua uzito fulani, na nikanunua mizani yangu. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyenunua nyanya, mkaa au viazi: bei ya chini haina maana kama hujasema ni bei ya kitu kipi.

Wa pili ni ahadi ya kiasi. Msambazaji akikupa bei ya kreti 60, atataka kreti 60. Lakini shule zikifungwa, au Desemba watu wakienda mashambani, mtaa unakauka. Mwaka jana nilijilazimisha kuchukua kreti 60 wiki mbili mfululizo ili nisipoteze ile Sh10. Nilibaki na kreti 14 zikikaa chumbani kwenye joto, na mwishowe niliziuza kwa Sh300. Kwa kila kreti nilipoteza Sh50 ili kulinda Sh10. Tangu hapo tumebadilisha: hesabu ya oda inapigwa kwa wastani wa wiki nne, si wiki moja moja. Nikichukua 48 wiki hii na 72 wiki ijayo, bado niko sawa. Na nikijua wiki mbili mbele kwamba nitapunguza, namjulisha, kwa sababu kuku hawaachi kutaga eti mtaa umesafiri. Yeye naye ana wafugaji wa kuwaambia.

Haya yote tumeyaandika kwenye ujumbe mmoja wa WhatsApp, mistari sita, naye akajibu "Sawa." Siku za kuleta, kiasi, tofauti ya bei, uzito, mayai yaliyopasuka yanahesabiwa wakati wa kushusha na kufidiwa safari inayofuata, na salio linalipwa lini. Si mkataba wa wakili. Lakini dereva mpya alipoajiriwa na kudai alipwe kesh yote, nilimwonyesha ujumbe ule, akampigia mzee, yakaisha.

Najua kuna watakaosema hesabu hizi ni za mtu aliyebahatika kumpata mzee msikivu. Huenda ni kweli, na siwezi kuahidi kwamba kila msambazaji atakubali. Kijana anayechukua kreti 10 kwa wiki hana safari za kumwokolea mtu, na ningemshauri aongeze wateja kwanza, au aungane na jirani wachukue oda moja. Tena kuna bidhaa ambazo bei imepangwa na kampuni, kama mkate au unga wa pakiti, na mwenye stoo hana nafasi kubwa ya kuishusha. Huko ongea kuhusu siku za kulipa, kurudisha zilizoharibika, na kuletewa hadi mlangoni. Kama hata hayo anakataa ilhali umemwonyesha hesabu, basi nenda kwa mwingine. Mimi bado nanunua kreti tano kila wiki kwa msambazaji wa pili, kwa bei ya kawaida. Zinanigharimu Sh50 zaidi kwa wiki, lakini najua bei ya siku bila kumuuliza mzee, na siku pikapu ikikwama sifungi biashara.

Ninachokataa ni ile tabia ya kumwita msambazaji mchoyo kabla hatujajiuliza tunamgharimu kiasi gani. Wiki hii, kabla hujamwambia "nipunguzie," muulize dereva wake swali moja: kuja kwangu kunakula pesa ngapi? Jibu lake ndilo la kuanzia.